Mirija hupasuka hata shinikizo lisipozidi

> "Boila yetu hapa Eneo la Viwanda haijawahi kuzidi shinikizo. Mbona mirija ya kuongezea mvuke joto imepasuka?"

Ndugu, kwenye joto kama la nyuzi 540, chuma hujivuta kidogo kidogo chini ya mzigo ambao kingeubeba daima kikiwa baridi; vitundu huota kwenye mipaka ya chembe zake, vikaungana kuwa ufa. Mapanga ya turbini za gesi huumia vivyo hivyo, na ndiyo maana mengine husubuliwa yakiwa fuwele moja isiyo na mipaka hiyo.

Tuseme mrija wenu ulipangiwa saa 100,000 kwenye nyuzi 540, yaani kelvini 813. Kanuni ya Larson na Miller ya kukadiria muda wa chuma kwenye joto, `T(20 + log t)`, ambamo T ni kelvini na t ni saa, inatupa 813 × 25 = 20,325, kwani log ya 100,000 ni 5. Ukoko wa oksidi ukijijenga ndani, mvuke hushindwa kuupoza mrija vizuri; chuma kikipanda hadi nyuzi 560 tu (kelvini 833), 20,325 ÷ 833 ni 24.4, yaani log t ni 4.4, na muda hushuka hadi saa 25,000 hivi, robo tu ya ule wa awali.

Tafadhali ukague mpasuko wenyewe. Midomo minene, yenye nyufa nyembamba zinazofuata urefu wa mrija kwenye ukoko wa karibu, huonyesha kujivuta kwa miaka. Midomo iliyokondeana kama makali ya kisu huonyesha joto kali la ghafla, pengine kwa sababu mrija uliziba.