Tovuti mpya: kazi yake ni ipi, na baada ya miezi mitatu unapimaje

> Wakuu, tovuti mpya ya ofisi inaanza kutengenezwa mwezi ujao na nimeambiwa niandike malengo yake. Bosi anataka "tuonekane mtandaoni", halafu baada ya miezi mitatu nimpe jibu kama imefanya kazi au la. Naanzia wapi?

Mkuu, anzia kwa mtu anayepokea simu na kusoma barua pepe za wateja. Fundi wa tovuti atafuata baadaye. Nakueleza nilivyofanya kwenye ofisi ndogo ya kutafsiri nyaraka, kwa sababu nami nilikabidhiwa neno hilohilo la "kuonekana", na ilinichukua wiki nzima kulibadilisha liwe kitu kinachohesabika.

Mwenye ofisi nilimuuliza swali moja tu: tovuti ikifanya vizuri, ni nini kitakachokuwa tofauti humu ndani baada ya miezi mitatu? Akajibu, "Wateja wataongezeka." Nikamgeukia katibu, nikamuuliza hilohilo. Yeye akanifungulia simu ya ofisi na kunionyesha mazungumzo na mteja mmoja. Mteja ameandika "kutafsiri cheti ni bei gani?" Katibu anauliza cheti gani, kwenda lugha ipi. Mteja anajibu kesho yake. Katibu anaomba picha ya cheti. Picha inakuja imekatwa pembeni. Anaomba nyingine. Halafu ndipo inajulikana kwamba mteja anakihitaji keshokutwa, na kazi haiwezekani tena. Katibu akasema, "Tovuti inipunguzie hii."

Hapo ndipo lengo lilipopatikana. Tukakubaliana tuwe na kitu kiitwacho ombi kamili: ujumbe wa kwanza wa mteja unakuja na waraka wenyewe, lugha anayotaka, na siku anayouhitaji. Kikikosekana kimoja, si ombi kamili. Nasisitiza kuandika maana hiyo mapema, kwa sababu miezi mitatu baadaye kila mtu atataka kuilegeza kidogo ili hesabu ipendeze.

Kisha usiandike lengo kabla hujajua mlipo sasa. Tulikaa nusu siku na katibu tukapitia barua pepe na ujumbe wa simu wa majuma 13, tukichagua majuma yaleyale ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa kazi ya kutafsiri vyeti ina misimu yake na ukilinganisha msimu wa maombi ya shule na msimu usio na kazi nyingi unajidanganya. Tulikuta maombi ya bei 41. Kati ya hayo, maombi kamili yalikuwa 9. Yaliyogeuka kazi ya kulipwa, 17.

Kwa hiyo lengo likaandikwa hivi: ndani ya majuma 13 tangu vipimo vithibitishwe, ofisi ipate maombi kamili yasiyopungua 25. Chini yake tukaandika tutakachofanya kwa kila jibu. Yakifika 25, tunaongeza kurasa za aina nyingine za nyaraka. Yakiwa kati ya 15 na 24, tunarekebisha tu fomu ya maombi ya kwenye tovuti na kupima tena. Yakiwa chini ya 15, tunaacha kuongeza kurasa na kutafuta kwanza ni wapi watu wanakwama. Karatasi ikawekwa tarehe, mwenye ofisi akatia sahihi. Usipoandika uamuzi kabla ya kuona namba, namba yoyote itakayokuja itasifiwa.

Angalia pia kwamba idadi ya waliotembelea tovuti haimo kwenye lengo, wala nafasi yenu kwenye matokeo ya Google. Google wenyewe wamewahi kushauri kwamba kazi ya kuboresha tovuti kwa ajili ya utafutaji kwa kawaida inahitaji miezi minne hadi mwaka mzima ndipo manufaa yaonekane. Ukimwahidi bosi wako matokeo ya utafutaji ndani ya miezi mitatu, umemwahidi kitu ambacho mara nyingi bado hakijafika. Kinachopimika kwa haki katika muda huo ni hiki: wale wanaofika, iwe kwa kadi yenu, kwa kuelekezwa na rafiki au kwa kiungo mlichowatumia, je, wanafanya jambo mliloijengea tovuti?

Upande wa vipimo sikutaka vingi. Fomu ikikubaliwa na seva, mteja anapelekwa kwenye ukurasa wa `/asante`, na huko ndiko tukio linakohesabiwa na Google Analytics, chombo cha Google cha kupima yanayofanyika kwenye tovuti:

```
gtag('event', 'generate_lead');
```

Usihesabu kubonyezwa kwa kitufe cha kutuma. Mtu anaweza kukibonyeza mara tano huku fomu inamkatalia, nawe ukaandika wateja watano. Kwa wanaopenda kuandika ujumbe wa simu, tuliweka kiungo chenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, ili katibu atambue mara moja kwamba mtu ametoka kwenye tovuti:

```
https://wa.me/NAMBA?text=Nimetoka%20kwenye%20tovuti.
```

Wapo wanaoyafuta maneno hayo kabla ya kutuma, lakini ni bora kuliko kukisia. Kwa waliopiga simu, katibu aliuliza "umetupata wapi?" na kuandika kwenye daftari. Na daftari hilo, mkuu, ndilo lililotoa hesabu ya mwisho, kwa sababu ombi linahesabiwa lilipopokelewa ofisini. Google Analytics tuliitumia kutafuta mahali watu wanapokwama.

Jambo moja la kubadilisha siku ya kwanza kabisa: kwenye Google Analytics 4, sehemu ya Data retention, yaani muda wa kuhifadhi data, huja imewekwa miezi 2. Ripoti za kawaida hazidhuriki, ila ukitaka kuchimba kwa undani kwenye Explore baada ya miezi mitatu, utakuta mwezi wa kwanza umeshafutika. Weka miezi 14. Ukibadilisha baadaye, kilichokwisha kufutwa hakirudi. Zuia pia ziara zenu wenyewe zisihesabiwe, maana wiki mbili za mwanzo wageni wengi ni wafanyakazi na ndugu zao. Ndiyo maana saa yetu haikuanza siku ya uzinduzi. Ilianza siku tuliyojaza fomu mara kumi, tukaona kumi zimefika kwenye barua pepe na kumi zimehesabiwa.

Mwisho wa juma la tano tulikuwa na maombi kamili 5. Kwa mwendo huo tungefika 13 tu. Mwenye ofisi alianza kusema wateja hawapendi fomu, tuitoe. Nikaomba siku moja nitazame kwanza. Fomu ilikuwa imeanza kujazwa mara 40. Nilipozigawa kwa kifaa, kompyuta zilikuwa 9 na zilizokamilika 4. Simu zilikuwa 31, iliyokamilika ni 1. Pengo kama hilo halisemi habari ya mapenzi ya wateja. Linasema kuna kitu kimevunjika kwenye simu.

Nikachukua simu yangu, nikapiga picha cheti changu, nikajaza fomu kama mteja. Nikabonyeza kutuma. Ukurasa ukarudi mtupu, niliyoandika yote yamepotea. Nilipousukuma hadi juu kabisa ndipo nikaona mstari mdogo mwekundu: faili ni kubwa mno. Picha yangu ilikuwa megabaiti 3.8. Seva inayotumia PHP, isipobadilishwa, inapokea faili la megabaiti 2 tu. Fundi wetu aliijaribu fomu kwa kompyuta akitumia faili dogo la PDF, nami kwenye yale majaribio kumi nilitumia faili lilelile, kwa hiyo sote tuliona mambo safi. Marekebisho yalikuwa mistari miwili kwenye mipangilio ya PHP:

```
upload_max_filesize = 12M
post_max_size = 16M
```

Huo wa pili sharti uwe mkubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu unabeba faili pamoja na maneno mengine yote ya fomu. Tukasogeza pia ujumbe wa kosa ukae chini ya sehemu ya kuweka faili, na fomu ikabaki na alichoandika mteja hata inapomkatalia.

Mwenye ofisi alitaka tuanze kuhesabu upya majuma 13. Nilikataa. Kosa la fomu ni sehemu ya tovuti, na majuma yale matano wateja waliyapata hivyo hivyo. Tulikubaliana ripoti itaje vipande viwili: majuma 5 kabla ya marekebisho, na 8 baada yake.

Majuma 8 yalileta maombi kamili 22, jumla 27. Maombi yote, kamili na yasiyo kamili, yalikuwa 52. Kazi za kulipwa 21.

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwenye ofisi aliona 41 imekuwa 52 na 17 imekuwa 21, akataka kuandika kwamba tovuti imeongeza wateja. Namba ndogo hupanda na kushuka zenyewe hata pasipobadilika kitu. Kipimo ninachotumia ni chepesi: jumlisha hesabu mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kizidishe kwa mbili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, usidai lolote. 41 na 52 ni 93, kipeuo chake ni karibu 9.6, mara mbili ni 19. Tofauti yetu ni 11 tu, haitoshi. Kazi za kulipwa: 17 na 21 ni 38, kipeuo karibu 6.2, mara mbili ni 12, tofauti 4. Hiyo ndiyo haitoshi kabisa. Maombi kamili: 9 na 27 ni 36, kipeuo ni 6, mara mbili ni 12, na tofauti ni 18. Hii inasimama.

Ripoti niliyompa ilikuwa ya aya moja. Tovuti imefanya kazi iliyopewa: maombi kamili yametoka 9 hadi 27, lengo likiwa 25, na 22 kati yake yamekuja baada ya fomu kurekebishwa. Kwamba imeleta wateja wapya, hesabu hizi haziwezi kusema ndiyo wala hapana. Tupime tena zikitimia miezi tisa, msimu uleule ukiwa umelinganishwa na msimu wake. Hakufurahia sentensi ya pili, lakini karatasi yenye sahihi yake ilikuwa mezani, na wiki iliyofuata tulianza kuongeza kurasa kama tulivyoandika.

Ukiwa tayari weka hapa majibu ya anayepokea simu kwenu, tuitengeneze pamoja hiyo sentensi ya lengo.