Fidia ya ajali ya barabarani: ni mirathi au ni ya wategemezi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Kaka yangu aligongwa na lori karibu na Mariakani, akalazwa siku nne, akafariki. Ameacha mke, mama yetu, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baba alitangulia. Mahakama imetoa hukumu ya shilingi 2,205,000 na nakala yake nimekuletea. Shemeji asema pesa ni zake na watoto. Mama asema ni mirathi, apewe sudusi yake. Marehemu alikuwa na deni la dukani la 56,000 na hakuacha mali nyingine. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu kaka yako na awape subira. Karatasi ulizoniletea nimezisoma, na jibu lenyewe limo ndani yake. Nanyi nyote wawili, mama na shemeji, mna sehemu ya haki.

Tuanze na kinachowachanganya watu wengi. Kesi iliandikwa kwa jina lako wewe kama msimamizi wa mirathi, kwa hiyo mama akaona kila senti ni mirathi. Lakini katika sheria za Kenya, msimamizi hubeba madai mawili kwa mkono mmoja. Dai la kwanza ni la marehemu mwenyewe, na liko chini ya Sura ya 26 ya sheria hizo: ile haki ambayo angeidai kama angekuwa hai, sasa imeingia katika mali yake. Dai la pili liko chini ya Sura ya 32, sheria ya ajali za mauti. Hilo si la marehemu. Ni la mke au mume, wazazi na watoto waliokuwa wakila kwa jasho lake. Msimamizi anawashikia tu.

Tazama ukurasa wa mwisho wa hukumu yako. Hakimu ameandika 100,000 kwa maumivu ya siku zile nne, na 100,000 kwa umri aliopunguziwa. Chini yake kuna 85,000 za hospitali na mazishi. Kisha ipo hesabu ndefu: mshahara wa 20,000, mara miezi 12, mara miaka 12, mara theluthi mbili, jumla 1,920,000. Theluthi moja imeachwa kwa kuwa mtu hutumia sehemu ya pato lake kwa nafsi yake. Hesabu hii haikupima thamani ya roho ya kaka yako. Imepima sahani za nyumbani kwake.

Sasa upande wa dini. Asili ya jambo hili ni diya, ambayo Allah amesema katika Suratun Nisaa aya ya 92 kwamba ikabidhiwe kwa watu wake aliyeuawa kwa makosa. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akiona diya ni ya jamaa wa kiumeni na mke hana fungu ndani yake, mpaka Adh-Dhahhaak bin Sufyan akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam Adh-Dhibaabi katika diya ya mumewe. Umar akairudi kauli yake. Kwa hadithi hii wanazuoni walio wengi wakasema diya ni mirathi: hulipwa deni kwanza, kisha wasia, kisha kila mrithi huchukua fungu lake.

Kwa hiyo zile 200,000 hazina mjadala. Maumivu aliyapata yeye akiwa hai, na fidia ya umri wake ndiyo iliyo karibu zaidi na diya. Lipa deni la duka, 56,000, zibaki 144,000. Mke ana thumni, 18,000. Mama ana sudusi, 24,000. Zinazobaki, 102,000, ni za watoto: wa kiume 51,000, na kila binti 25,500. Wewe na ndugu zako hamrithi, kwa kuwa mtoto wa kiume amewazuia. Zile 85,000 arudishiwe aliyezitoa mfukoni mwake. Kama ni wewe, zichukue bila ya haya, na kama zilichangwa matangani kwa sadaka, zirudi katika mirathi.

Mzozo uko kwenye 1,920,000. Wapo wanazuoni wanaosema nazo ni badala ya diya, hivyo zigawiwe kwa mafungu. Kauli yao ina nguvu, na siifichi: diya kamili ni ngamia mia, na 100,000 ya hakimu haifiki popote karibu na hapo. Wengine wanasema mali ambayo marehemu hakuimiliki hata dakika moja hairithiwi. Mimi nimeegemea hawa wa pili, na kipimo changu ni hiki: lau kaka yako angekufa hana mke, mzazi wala mtoto, 200,000 zingelipwa kwa ajili ya mali yake, lakini hizi hazingelipwa hata kidogo. Kitu kinachokuja kwa sababu ya mlaji tu, ni cha mlaji. Na mwenye duka hawezi kukidai.

Hakimu amezigawa hivi: shemeji 520,000, mama 200,000, na kila mtoto 400,000, wa kike sawa na wa kiume. Usishtuke kwa usawa huo. Chakula cha binti si nusu ya chakula cha kaka yake. Kwa kauli ya mirathi mama angepata 320,000, kwa hiyo naelewa kwa nini amelalamika. Amekosa 120,000, na ni mjane aliyemzika mwanawe. Hapo ndipo pa sulhu: shemeji akitaka kumwongezea mama kutoka katika 520,000 zake kwa ridhaa yake, ni wema. Lakini watoto hawana ridhaa ya kutoa. Shilingi 1,200,000 zao asiziguse mtu kwa jina la kumfurahisha bibi, wala kujenga nyumba ya familia. Aya ya 10 ya sura ile ile inatosha kumtisha mwenye kula mali ya yatima.

Niseme jambo moja nililoliona kwa macho. Alinijia bibi mmoja na karatasi ya madai imekunjwa ndani ya fundo la leso yake. Mwanawe alikuwa akimtumia pesa kila mwezi. Nikasoma orodha ya wategemezi: mke na watoto basi. Jina lake halikuandikwa, na kesi ilikuwa imekwisha. Huo ndio ugawaji unaodhulumu, hata ukiwa na muhuri. Anayefungua kesi leo aisome orodha hiyo kabla ya kutia saini, na asichelewe, maana dai la wategemezi lina muda wa miaka 3 tangu kifo.

Na ikiwa bima imelipa nje ya mahakama donge moja lisilo na mchanganuo, mwombeni wakili barua inayoonyesha lilivyofikiwa. Ikikosekana kabisa, mimi hulirudisha kwenye asili yake, diya, na huligawa lote kama mirathi baada ya deni.

Ada ya wakili nayo ikatwe kila sehemu kwa kadiri yake, isitolewe yote kwenye fungu la watoto. Pesa za watoto ziwekwe kwa majina yao mpaka wafike miaka 18, na kila unachotoa kwa ada ya shule au matibabu, andika na weka risiti. Wallahu aalam.