Faida iliyokuwa imelala stoo

Nina duka la vifaa vya ujenzi, na saruji ndiyo inayonilipia pango. Kuna mwaka mhasibu alinionyesha faida nzuri, tukalipa kodi, kisha nikaenda kuagiza mzigo na kukuta hela hazitoshi kujaza stoo kama ilivyokuwa mwanzo wa mwaka. Nilidhani nimeibiwa. Nilihesabu mifuko na kupekua risiti mpaka usiku, na hakuna kilichopungua. Jibu lilikuwa kwenye namna tulivyokuwa tunahesabu gharama ya mifuko iliyouzwa.

Nitaeleza kwa tarakimu zilizorahisishwa. Chukua duka lililoanza mwaka na mifuko 100 iliyonunuliwa kwa shilingi 14,000 mmoja. Baadaye likaingiza 100 kwa 15,000, kisha bei ikapanda na likanunua 200 kwa 18,000. Jumla ni mifuko 400 iliyogharimu 6,500,000. Mwaka mzima imeuzwa 300, na mauzo ni 5,700,000.

Sisi tulikuwa tunatumia njia ya cha kwanza kuingia, cha kwanza kutoka, ambayo wahasibu huiita faifo. Gharama ya mifuko 300 inaanzia kwenye ile ya zamani: 100 ya 14,000, 100 ya 15,000, na 100 ya 18,000, yaani 4,700,000. Faida kabla ya pango na mishahara ni 1,000,000. Kwa wastani wa uzani unagawa 6,500,000 kwa mifuko 400, unapata 16,250 kwa mfuko. Mifuko 300 inakuwa imegharimu 4,875,000, na faida ni 825,000.

Mifuko ni ileile, wateja ni walewale, ila faida imetofautiana kwa 175,000. Kampuni Tanzania hutozwa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo kodi inatofautiana kwa 52,500. Hiyo 175,000 haijapotea. Kwa faifo imo kwenye thamani ya mifuko 100 iliyobaki stoo, iliyoandikwa 1,800,000 badala ya 1,625,000.

Sasa angalia droo. Kurudisha mifuko 300 kwa bei mpya ya 18,000 kunataka 5,400,000. Ukitoa kwenye mauzo, unabaki na 300,000 tu. Kwa faifo, kodi ya ile faida ya 1,000,000 ni 300,000 hiyohiyo. Pango na mishahara zikiingia kwenye hesabu, kodi itapungua kidogo, lakini nazo lazima zilipwe, na hela ya kuzilipia itatoka kwenye mtaji wa mzigo. Hapo ndipo nilipokwama. Sehemu kubwa ya faida yangu ilitokana na bei kupanda mifuko ikiwa imelala stoo, na nilikuwa naihitaji yote kununulia mifuko mingine.

Usielewe kwamba wastani unafuta kodi. Unaiahirisha. Ile mifuko 100 ikiuzwa mwaka unaofuata, aliyetumia faifo ataandika gharama kubwa zaidi, na faida yake itapungua kwa 175,000 ileile. Bei zikiendelea kupanda na stoo ikibaki imejaa, uahirisho unaendelea. Zikishuka, mambo yanageuka, na wastani ndio utakaoonyesha faida kubwa.

Kosa ninaloliona sana kwa wenzangu ni kujumlisha bei tatu na kugawa kwa tatu. Hapa ungepata takriban 15,667, na gharama yako ingepungua kwa mifuko 300 karibu 175,000 nzima, kana kwamba hukubadili njia kabisa. Uzani maana yake ni idadi: mifuko 200 ya bei ghali ina nguvu mara mbili ya ile 100. Na nauli ya lori na malipo ya wapakuaji yaingize kwenye gharama ya mzigo husika kabla ya kugawa.

Mtu mwingine ataniambia saruji lazima itoke ya zamani kwanza, maana inaganda. Ni kweli, na mimi mfuko wa chini ukianza kuwa mgumu nikiuminya pembeni, huo siuzi. Lakini njia ya hesabu haifungwi na mpangilio wa stoo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinakubali zote mbili kwa bidhaa zinazofanana kama hizi. Kisichokubalika ni kurukaruka kila mwaka kufuata kodi ndogo, kwa hiyo zungumza na mhasibu wako kabla ya kubadili. Na kama unatozwa kodi kwa makadirio ya mauzo, suala la kodi halikuhusu, maana mauzo hayabadiliki kwa njia yoyote ile.

Sisi tulihamia wastani, na bado ikanibidi niongeze kitu kimoja. Kila mwisho wa mwezi naandika idadi ya mifuko iliyouzwa mara bei ya leo ya kiwandani, natenga hela hiyo kwenye akaunti ya mzigo, ndipo naangalia kilichobaki kabla sijachukua hata ada ya watoto.