Kupanga maneno ya Kibengali kwenye lahajedwali: kwa nini উৎসব na উদ্‌যাপন zinaruka mahali pake

*"Wakuu, nina orodha ya maneno kama 900 ya Kibengali na maana zake kwa Kiswahili. Nikipanga A hadi Z, maneno mepesi yanakaa vizuri, ila yenye herufi zilizoungana yananichanganya. ক্ষমা imekuja baada ya কৌশল, কর্ম siioni karibu na কম, উদ্‌যাপন imeshuka chini ya উদ্রেক, na উৎসব iko baada ya উষ্ণ. Kosa ni la programu au ni langu?"*

Mkuu, katika hayo manne, mawili yako sawa na mawili yameharibika kweli. Nayajua kwa sababu nilisoma Bangladesh, Gazipur, na nikiwa huko nilitengeneza orodha ya namna hiyohiyo kwa ajili ya wenzetu waliokuwa wanafika bila neno hata moja la Kibengali. Niliipeleka Nilkhet, lile soko la vitabu la Dhaka, kwenye kiduka kimoja cha kuchapa. Nakala zilipotoka, jirani yangu wa bweni, mwenyeji wa huko, alitafuta উৎসব mahali ambapo kila Mbengali angeitafuta, akaikosa. Akanionyesha kwa kidole: "Hapa ndipo kwake, baada ya উত্তর." Neno lenyewe lilikuwa kurasa mbili mbele. Iliniuma, maana orodha ya maneno ambayo mtu hapati neno ndani yake haina kazi. Nikarudi kuanza upya, na nilichojifunza ndicho hiki.

Anza na jaribio dogo. Andika ক্ষমা kwenye A2, halafu seli ya pembeni weka `=LEN(A2)`. Macho yako yanaona vitu viwili, ক্ষ na মা. Jibu litakuwa 5. Kwenye Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, hakuna herufi inayoitwa ক্ষ. Kuna ক, kuna alama ya hasanta (্) inayoua irabu ya ক, na kuna ষ. Fonti ndiyo inayozichora kama umbo moja. Kompyuta haipangi maumbo, inapanga namba: 2453, 2509, 2487, kisha 2478 ya ম na 2494 ya া. Umbo unaloliona halimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Sasa tazama namba ya hasanta, 2509. Konsonanti zote za kawaida, ক hadi হ, ziko kati ya 2453 na 2489. Alama za irabu zinazobebwa na konsonanti, া hadi ৌ, ziko 2494 hadi 2508. Hasanta inafuata papo hapo. Kwa hiyo chini ya ক yanatangulia maneno ambayo ক imefuatwa na konsonanti nyingine, yanakuja ya কা, কি, কু hadi কৌ, na mwisho kabisa yale ambayo ক imeungana na mwenzake. Huo ndio mpangilio wa kamusi za Kibengali pia. ক্ষমা kukaa baada ya কৌশল ni sahihi, usiiguse. Wengi tunaitarajia mahali pengine kwa sababu ক্ষ inaonekana kama herufi kamili, na zamani ilihesabiwa hivyo kwenye alfabeti. Ishwar Chandra Vidyasagar ndiye aliyeitoa kwenye orodha ya konsonanti mwaka 1855 kwa hoja kwamba ni muungano wa mbili, na hoja hiyo ndiyo kamusi zinayoifuata.

কর্ম nayo iko sawa. Kile kimkia kilicho juu ya ম ni র, na ingawa jicho linakiona baada ya ক kikiwa kimepanda juu ya ম, kinaandikwa na kutamkwa kabla yake: ক, র, hasanta, ম. Itafute baada ya করা, utaikuta. Hili ni la kuzoea tu.

Matatizo ya kweli ni উদ্‌যাপন na উৎসব, na kila moja lina sababu yake.

Kwenye উদ্‌যাপন kuna herufi isiyoonekana. Ukiandika দ, hasanta, য mfululizo, fonti inageuza য kuwa kile kimkia cha pembeni kinachoitwa jophola, kama kwenye উদ্যান. Lakini katika উদ্‌যাপন, য inatamkwa kwa ukamilifu wake, kwa hiyo waandishi makini wanapachika kati ya hasanta na য kizuizi kisichochorwa, namba 8204, ili zisiungane. Pima kwa `LEN`: উদ্যান ni 6, উদ্‌যাপন ni 8, wakati ukihesabu herufi zinazoonekana pamoja na hasanta unapata 7. Ya nane ndiyo hiyo. Na kwa kuwa 8204 ni kubwa kuliko namba yoyote ya Kibengali, neno linasukumwa chini ya kila neno linaloanza na উদ্, pamoja na উদ্রেক.

Kwa উৎসব, mhusika ni ৎ. Hii ni ত iliyokatwa irabu, yaani ত na hasanta kwa umbo jingine, na kamusi niliyokuwa naifuata inaihesabu hivyo. Ilipewa namba yake ndani ya Yunikodi mwaka 2005, nayo ni 2510, baada ya hasanta. Ndiyo maana inaangukia nyuma ya konsonanti zote za kawaida, nyuma hata ya ষ ya উষ্ণ. Kabla ya hapo watu waliiandika kwa ত, hasanta na kiunganishi kisichoonekana, namba 8205. Ukinakili maneno kutoka maandishi ya zamani na mapya, unaweza kuwa na উৎসব mbili zinazofanana kwa macho lakini zimekaa mbalimbali kwenye orodha, na ukitafuta moja huipati nyingine.

Kwa dalili hizo, orodha yako imepangwa kwa namba tupu. Hutokea sana orodha ikitoka kwenye hifadhidata au ikipangwa kwa amri kabla ya kuingizwa kwenye lahajedwali. Zipo programu zinazotumia kanuni za lugha. Kwa mfano kwenye LibreOffice Calc unachagua lugha ndani ya chaguo za kupanga. Jaribu hiyo kwanza, huenda ikakutosha. Mimi niliiacha kwa sababu orodha ilikuwa inapita kwa watu watatu wenye kompyuta tofauti, na kila aliyepanga alirudisha mpangilio wake. Nilitaka mpangilio unaosafiri na faili lenyewe.

Njia yenyewe ni kutengeneza safu ya pili yenye ufunguo wa tarakimu, kisha kupanga kwa safu hiyo. Fungua karatasi mpya, iite Jedwali. Safu A weka namba ya herufi, safu B weka cheo chake cha tarakimu mbili. Safu B iwe ya maandishi matupu kabla hujaandika chochote, la sivyo 01 itageuka 1 na kila kitu kitavurugika.

Vyeo vinakwenda hivi: irabu অ hadi ঔ ni 01 hadi 11. Zinafuata ং 12, ঃ 13, ঁ 14. Hizi tatu kwa namba zake za asili zinatangulia hata অ, na kamusi inazitaka baada ya irabu. Konsonanti za kawaida, ক hadi হ, 15 hadi 46. Alama za irabu া hadi ৌ, 47 hadi 56. Hasanta 57. Nukta ya chini (়) 58.

Kisha kuna mistari minne ya pekee yenye tarakimu nne. ৎ, namba 2510, ipe 3057, yaani cheo cha ত na cha hasanta. ড়, ঢ় na য়, namba 2524, 2525 na 2527, zipe 2758, 2858 na 4058, yaani konsonanti mama na nukta yake. Faida yake ni kwamba ড় iliyoandikwa kwa namba moja na ile iliyoandikwa kwa ড na nukta zinapata ufunguo uleule. Namba 8204 na 8205 usiziweke kabisa, fomula itaziruka.

Kwenye Google Sheets, neno likiwa A2:

```
=ARRAYFORMULA("k"&TEXTJOIN("",TRUE,
 IFERROR(VLOOKUP(UNICODE(MID(A2,
 SEQUENCE(LEN(A2)),1)),
 Jedwali!$A:$B,2,FALSE),"")))
```

Ile "k" ya mwanzo isiondolewe. Inazuia ufunguo usichukuliwe kuwa namba, maana tarakimu nyingi zikigeuka namba, za mwisho zinapotea.

Haya ndiyo maneno yaliyokusumbua yakiwa na funguo zake:

```
উত্তর     k0530573041
উৎসব     k0530574537
উদ্যান     k053257404734
উদ্‌যাপন   k05325740473534
উদ্যোগ    k053257405517
উদ্রেক     k053257415315
উষ্ণ      k05445729
```

Linganisha উদ্যান na উদ্‌যাপন. Zinakwenda sawa hadi 47, kisha moja ina 34 ya ন na nyingine 35 ya প. Kizuizi kimetoweka kwenye hesabu lakini kwenye neno lenyewe kimebaki, na ndivyo inavyotakiwa. Usikifute kwenye safu ya maneno, utaharibu tahajia.

Kuna hatari moja ya njia hii. Herufi yoyote isiyo kwenye Jedwali inarukwa kimyakimya. Ukisahau mstari wa ঞ, maneno yake yatapata funguo fupi na kukaa pabaya bila onyo. Kwa hiyo baada ya kujaza, chukua maneno kumi yenye miungano tofauti uhesabu tarakimu kwa mkono. Na kama una vifungu vya maneno mawili, ongeza mstari wa nafasi, namba 32, wenye cheo 00.

Kabla ya yote hayo lakini, teua safu ya maneno na ubadilishe fonti iwe ya kawaida isiyo ya Kibengali. Ukiona বাংলা imegeuka `evsjv`, orodha yako si Yunikodi. Imechapwa kwa fonti za mtindo wa SutonnyMJ, ambazo bado zimo kwenye mafaili mengi ya Dhaka. Humo herufi za Kibengali zimevaa namba za herufi za Kilatini, miungano mingi ina namba yake yenyewe, na ি inachapwa kabla ya konsonanti, kwa hiyo কি ni `wK` na inapangwa chini ya w. Hapo hakuna fomula ya kupanga itakayosaidia. Geuza maandishi yote kuwa Yunikodi kwanza, soma tena miungano mmoja mmoja, ndipo uje kwenye ufunguo.

Jambo ambalo ufunguo hautalitatua ni জ্ঞান. Wenyewe wanaitamka kama inaanza na গ, lakini imeandikwa জ, hasanta, ঞ, na iko chini ya জ. Kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayetafuta kwa sikio, mimi niliweka mstari chini ya গ unaomwelekeza: "tazama জ্ঞান".