Kuhuisha PMP bila kozi ghali

"Cheti changu cha usimamizi wa miradi, PMP, kinaisha Februari na kozi za hapa Nairobi ni ghali. Nikijitolea na kuandika makala tu, nitafikisha pointi 60?"

La, ndugu yangu. Kati ya hizo 60 za miaka mitatu, kazi za kuchangia taaluma haziwezi kuzidi 25. Angalau 35 lazima zitokane na kujifunza. Wengi hugundua hili wiki ya mwisho, na inaniuma kila mara.

Saa moja ni pointi moja. Tuseme umetoa mada ya saa 1 kwenye mkutano wa tawi la Kenya la PMI, taasisi inayotoa cheti hiki, ukaiandaa kwa saa 4, ukaandika makala kwa saa 6, ukajitolea saa 6: ni 17. Kazi yako ya kila siku ya usimamizi wa miradi huongeza 8 tu. Hapo 25 zimejaa.

Zile 35 zipate kwa kusikiliza mada za wenzako, kusoma vitabu na kufuata mihadhara ya bure mtandaoni. Zigawe: angalau 8 kwa mbinu za kazi, 8 kwa stadi za watu, 8 kwa uelewa wa biashara. Hifadhi ratiba za mikutano, barua na madondoo yako, kwani unaweza kukaguliwa.