Usikate hicho kinyama kabla hujahesabu muda wa maumivu

"Wakuu naomba msaada. Mwezi wa pili sasa nikienda haja kubwa naona damu nyekundu kwenye tishu, na inauma mno, maumivu yanaendelea kama saa mbili ndipo yanatulia. Nikigusa kwa nyuma kuna kinyama. Nimeambiwa ni bawasiri, kuna mtu anakikata na kukichoma. Nikakate?"

Usikate! Huyo mtu mkimbie, hata kama umeshamlipa nusu.

Damu nyekundu haikuambii kitu hapo, maana bawasiri inatoa damu nyekundu na mchaniko wa ngozi ya njia ya haja kubwa nao unatoa damu nyekundu. Kinachotenganisha ni saa. Maumivu yanaanza lini, yanaisha lini, na katikati ya choo kimoja na kingine unajisikiaje?

Bawasiri ya ndani inakaa juu, kwenye utando usio na mishipa ya fahamu ya maumivu. Ndiyo maana inaweza kudondosha damu mpaka maji ya choo yakawa mekundu, na mwenyewe hasikii chochote zaidi ya mshtuko. Ile ya nje ikiganda damu inauma kweli, lakini kwa namna yake: donge gumu la rangi ya zambarau linatokea ghafla, linauma ukikaa, ukitembea, ukilala, uwe umeenda chooni au hujaenda. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya, kisha linapoa taratibu.

Sasa angalia uliyoandika. Maumivu yanakuja choo kinapopita, kama umepitisha kipande cha chupa, yanafuatiwa na saa mbili za kuungua na kubana, kisha kimya hadi choo kinachofuata. Damu ni mstari tu kwenye tishu. Huo ni mwenendo wa mchaniko wa ngozi ya njia ya haja kubwa. Ngozi ile ina hisia kali. Ikichanika, msuli wa ndani unaobana njia unakaza wenyewe, wala huwezi kuuamuru ulegee. Zile saa mbili ni msuli umekaza. Ukikaza unapunguza damu inayofika kwenye kidonda, kidonda hakiponi, choo kinachofuata kinakichana upya. Nawe kwa woga unakibana choo, kinakauka, kinakuwa jiwe. Mzunguko huo.

Na kinyama? Hapa ndipo watu tunapopigwa, na naandika kwa hasira kwa sababu nililishwa neno hilihili "bawasiri" na mtu mwenye koti jeupe ambaye hakuuliza hata swali moja la muda. Mchaniko ukikaa zaidi ya wiki sita hivi, ngozi ya ukingoni inavimba na kuota kijinyama, mara nyingi upande wa mgongoni. Ni mlinzi wa mlango tu, kidonda kiko nyuma yake. Ukimkata mlinzi, msuli unabaki umekaza vilevile, na sasa una vidonda viwili. Ukichomwa kwa dawa kali, kovu linaweza kuibana njia, na hapo hata choo laini kitakuwa kesi. Na zile dawa za kupaka zenye steroidi, ukizipaka wiki nyingi zinaikonda ngozi ambayo tayari imechanika. (Ndiyo, kuna mtu alimaliza tyubu tatu. Msiniulize nani.)

Kinachotibu mchaniko ni kulegeza msuli na kulainisha choo, vyote pamoja. Kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya choo. Nyuzinyuzi zifike gramu 25 hadi 35 kwa siku, uziongeze polepole na maji ya kutosha, la sivyo utajaa gesi. Daktari akikagua na kukubali, mwombe dawa ya kupaka ya kulegeza msuli: diltiazemu ya asilimia 2, au nitrogliserini ya asilimia 0.2 hadi 0.4. Kwa kawaida ni kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa siku, wiki sita hadi nane. Wengi wanaacha wiki ya pili maumivu yakipungua, kisha wanarudi wanalia. Nitrogliserini inaleta kichwa kuuma, na usiichanganye kabisa na vidonge vya nguvu za kiume, presha itaanguka vibaya.

Mwambie daktari achunguze kwa macho kwanza, akitenganisha makalio taratibu. Mchaniko mwingi unaonekana hivyohivyo, bila kuingiza kidole wala chombo kwenye kidonda kibichi. Mchaniko ukiwa pembeni badala ya mgongoni au mbele, apime magonjwa mengine. Na maumivu yakianza kupwita mfululizo pamoja na homa, hilo ni jipu, nenda siku hiyohiyo. Damu nyeusi au iliyochanganyika na choo, au kupungua uzito, hapo achana na beseni na dawa za kupaka, kapimwe utumbo.