Pesa ya akaunti iliyohesabiwa kama mauzo

Swali: Ninauza omena kwa jumla katika soko la Kibuye, Kisumu. Mamlaka ya Ushuru imenitumia makadirio yanayosema kuwa mwaka jana niliuza bidhaa za Sh6,840,000, ilhali mimi nilitangaza Sh3,960,000. Nitaandikaje barua ya kupinga?

Jibu: Mama, angalia kwanza tarehe ya notisi, kwa sababu Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 pekee tangu ulipoarifiwa. Pingamizi lenyewe huwasilishwa kupitia iTax, na barua pamoja na ushahidi huambatishwa humo.

Kwa kawaida tofauti kubwa namna hii hutokea pale afisa anapojumlisha kila shilingi iliyoingia benki na kuihesabu kuwa mauzo. Kwa hivyo chukua taarifa ya benki na ya tili ya M-Pesa, uzipitie mstari kwa mstari, na kando ya kila kiasi uandike kilikotoka. Tuseme unakuta Sh1,860,000 ni pesa ulizohamisha kutoka tili hadi benki, zikahesabiwa mara mbili. Sh900,000 ni mkopo wa chama. Na Sh120,000 ni mauzo ambayo kweli hukuyatangaza.

Hizo Sh120,000 usizifiche. Sheria haitambui pingamizi ikiwa kodi usiyoipinga hujailipa, au hujaomba kuongezewa muda wa kuilipa. Kwa kiwango cha asilimia 3 kinachotozwa mauzo ya biashara ndogo kama yako, ni Sh3,600 tu, nawe utabaki kupinga Sh82,800 kati ya Sh86,400 unazodaiwa kwa tofauti yote ya Sh2,880,000.

Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

“Ninapinga makadirio ya tarehe iliyotajwa hapo juu kwa kiasi cha Sh82,800. Kati ya mauzo ya ziada ya Sh2,880,000, Sh1,860,000 zilihamishwa kutoka tili yangu hadi akaunti yangu ya benki na zimehesabiwa mara mbili (Kiambatisho A), na Sh900,000 ni mkopo wa chama (Kiambatisho B). Ninakubali Sh120,000 na nimelipa kodi yake (Kiambatisho C). Naomba mauzo ya mwaka yarekebishwe yawe Sh4,080,000.”

Barua nyingi nilizosoma hushindwa kwa kulalamika kwamba kodi ni kubwa mno, bila kutaja hoja za pingamizi, marekebisho yanayoombwa na sababu zake, ambayo yote ni masharti ya sheria. Mzigo wa kuthibitisha kosa ni wako. Kwa mkopo wa chama, taarifa ya benki peke yake ni dhaifu. Ambatisha kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha mkopo, zikiwa na sahihi za viongozi, pamoja na rekodi ya marejesho. Kwa pesa zilizohamishwa, panga jedwali linaloonyesha tarehe na kiasi kilichotoka kwenye tili, na mkabala wake tarehe na kiasi hicho hicho kilipoingia benki, ili afisa aone jozi zenyewe bila kuzitafuta.

Ukishawasilisha, hifadhi risiti ya iTax inayoonyesha tarehe.